Kumwandikia Yule Mzee Nitakayekuwa

Mageti yangu yamejaa mtaa wetu mzima wa Bel-Air. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, na anayebisha apite barabara zetu asubuhi aangalie mwenyewe. Geti lenye simba wawili wa chuma wanaotazamana ni langu. Lenye jua linalochomoza na miale yake ni langu pia, hata kama wengine wanajaribu kuliiga na miale yao inatoka imepinda. Nilianza na mbabula, yale majiko ya makaa, nikiyakata kwenye mapipa mabovu kwa nyundo na patasi. Leo nina atelye, karakana yangu mwenyewe, nina mashine za kusoude, za kuunga chuma kwa moto, nina vijana wanaoniita patron, bosi wao. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi. Yote haya yametoka kwenye mikono hii.

Na kiwanja changu nimekipiga beton chote, zege tupu, ukuta kwa ukuta. Huku kwetu ndivyo mtu aliyefika anavyojulikana. Vumbi jekundu la Lubumbashi linaishia barabarani, mbele ya geti, linabaki huko na watu wake. Ndani unaweza kutembea na soksi nyeupe. Siku beton ilipokauka nilitembea hivyo kweli, mke wangu akanicheka mpaka akakaa chini.

Mama yangu nilimleta hapo, juu ya beton hiyo, goti lake lilipoanza kumsumbua. Nilimtoa kwao Mitwaba, shambani, mimi mwenyewe. Nikampa chumba chenye dirisha linalotazama geti, kitanda cha chuma nilichokitengeneza na maua ya chuma kichwani, televisheni yake mwenyewe. Goti likapona. Miaka ikapita. Mwaka huu, mwezi wa tisa, mijakaranda ya mjini ilipoanza kumwaga maua ya zambarau na joto likaanza kucheza juu ya barabara kama maji, akaniita karibu na kiti chake.

"Baba," aliniambia, maana mama zetu hutuita sisi watoto wao hivyo, "mbele ya mvua, mimi niko narudia."

"Kurudia wapi, mama?"

"Kwetu. Shamba inaningojea."

"Huku njo kwenu sasa. Unakosa nini? Umeme iko. Maji iko mu robine. Nyama iko kila siku."

"Byote biko," alisema. Akaangalia mikono yake. "Njo maana minarudia."

Nilikataa. Nilikataa kwa sauti ya patron, ile ninayotumia na wateja wanaotaka geti la chuma kinene kwa bei ya bati. Nikamwambia barabara ni mbaya, goti litarudi, watu watasema mtoto wake amemfukuza. Hakubishana. Alisema tu kwamba mvua haikawii.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo sana, na kichwani kwangu nina kipande chake kimoja tu: mgongo wake, akipanda nyuma ya lori, shati limechanika begani. Uso hakuna. Sauti hakuna. Nikifumba macho mgongo ule unakuja, unapanda lori, na mimi nangoja ageuke, hageuki. Mama akienda Mitwaba na umri alionao, nilijua miaka ikipita nitabaki na kipande kimoja chake pia. Mgongo mwingine, lori jingine.

Ndipo binti yangu akaleta habari ya barua. Anasoma Kasapa, chuo kikuu, mtoto wangu mimi niliyeacha shule na vidole vikitoka kwenye viatu. Jumamosi anakuja nyumbani na nguo za kufua. Siku hiyo alinikuta nimekaa nje naangalia geti langu bila kuliona.

"Papa, kule campus tuliandika barua," akasema. "Kila muntu anajiandikia yeye mwenyewe. Unafunga, haufungui mpaka miaka kumi ipite."

"Nijiandikie miye? Miye mwenyewe niko hapa, nitajiambia na mudomo."

"Ule wa miaka kumi haiko hapa. Atakuwa muntu mwingine. Atakuwa amesahau."

Neno hilo, amesahau, liliniingia. Nilianza kumwona huyo mzee. Nilikuwa atelye, kijana wangu anasoude, cheche zinaruka, na nyuma ya moshi wa bluu nikamwona amekaa kwenye benchi, miwani puani, tumbo limepungua, ananitazama kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Mkono wake ni huu wangu, na kovu hili la kuungua. Nikasema sawa, mzee, nitakuandikia.

Basi nikaandika, kwa herufi kubwa, maana ndogo zinanichanganya. Niliandika nina mageti mangapi mjini. Niliandika mashine zangu na bei ya kila moja, bei ya bati, bei ya makaa, gari ninaloendesha, wakubwa niliowafanyia kazi. Kuhusu mama niliandika sentensi moja: MAMA YUKO KWANGU, ANAKULA VIZURI. Nikaona barua imetoka nzuri sana.

Na ya kuihifadhi? Wengine wanaweka kwenye bahasha. Mimi si fundi wa bahasha. Nilikata vipande vya chuma kinene, nikatengeneza sanduku dogo kama Biblia, nikaweka barua ndani, na nikalisoude pande zote, mshono mmoja bila tundu. Mvua haiingii, mchwa haingii, mwizi haingii. Nililitazama likiwa bado jekundu kwenye kona, moyo wangu ukajaa. Vijana nao walisimama kutazama. Ndipo mmoja akanusa hewa.

"Patron," akasema, "kuna kintu inanuka sawa mukate unaungua."

Tulikata sanduku kwa disk ya kukatia chuma. Barua ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nilipoigusa pembeni ikamegeka kama majani makavu. Miaka yote hii nasoude chuma, nawafundisha vijana kwamba joto la mshono linakwenda mbali kuliko macho yanavyoona, wasiweke kitambaa nyuma ya bati, na mimi nimeoka barua yangu mwenyewe kama keki. Wale vijana walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi pia nilicheka, lakini baadaye.

Binti yangu alichukua katikati ya karatasi, pale palipobaki maneno, akasoma polepole.

"Papa, moto ilifanya kazi muzuri."

"Unasema nini?"

"Ule muzee hana lazima ya kuambiwa geti yake. Ataiona kila siku akitoka. Bei ya bati? Feza itakuwa imebadilika, atasoma atauliza hii ni nini. Unamwambia bintu bile atakuwa anabiona. Umwambie bile hatabiona tena."

Akakaa nami pale atelye, juu ya pipa lililopinduliwa, akanifundisha vile wao walivyofundishwa. Usiandike "ule muntu" au "lile jambo", maana mzee hatajua mtu yupi, jambo gani. Andika kana kwamba unamwandikia mgeni. Usiandike "mama ni mzuri", andika alichofanya leo asubuhi, mkono wake ulikuwa wapi. Andika sauti na harufu, kwa sababu simu inabaki na picha lakini harufu haibaki popote, na simu yenyewe baada ya miaka kumi itakuwa imekufa na picha zake. Andika unachoogopa sasa, ili yeye ajue kama uliogopa bure. Mwulize swali. Na juu ya yote, usimdanganye.

"Sababu gani?" niliuliza.

"Alikuwa pale, papa. Ni weye. Ukimudanganya atajua."

Nikaanza upya. Safari hii kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu za bei rahisi unaweza kufifia, lakini penseli haijali jua wala unyevu. Na kwa kuwa nilitakiwa kumwandika mama vile alivyo, nilianza kumtazama. Nasema kweli, miaka yote alikuwa nyumbani kwangu nilimsalimia kila siku, nilimnunulia kila kitu, lakini kumtazama, ile ya kukaa na kutazama kama unapima chuma kabla ya kukata, sikuwa nimefanya.

Siku zile za joto zilipita kama ndoto ya mchana. Nilikaa kwenye baraza na daftari la atelye, naye akawa anapita mbele yangu ndani ya mwanga.

Niliandika: anaamka kabla ya jogoo wa jirani. Anafagia. Anainama kutoka kiunoni, mkono wa kushoto mgongoni, ufagio mfupi wa nyasi, na anafagia beton kutoka ukutani mpaka getini, mistari inayopishana, vile wanavyofagia udongo kwao ili kiwanja kionekane kimechanwa kama nywele. Beton haishiki mistari. Akifika getini anakusanya lundo, na ndani ya lundo hakuna kitu, labda ua moja la jakaranda lililorushwa na upepo. Analizoa hilo kwa viganja viwili, anakwenda kulitupa.

Niliandika: anaongea Kiluba na ufagio. Nikasogea nisikie. Anauambia utulie.

Niliandika: bukari, ugali wetu, anaijaribu kwa mgongo wa kidole, si kwa tumbo la kidole, na akiridhika anatoa hewa puani. Nguo zake zina harufu ya moshi wa mbabula hata siku mke wangu akipika kwa umeme, na sijui moshi huo unatoka wapi. Liputa yake ya njano, kitenge anachojifunga kiunoni, ameifunga fundo upande wa kulia, na ndani ya fundo kuna punje za mahindi. Si fedha, ni mahindi. Nilimuuliza. Akasema ni mbegu, zinapenda joto la mwili.

Niliandika: karibu na robine, bomba la maji, beton imepasuka, ufa mwembamba ambao nilikuwa nataka kuuziba. Amepanda lengalenga hapo, mboga ile ya majani. Imeota, shina moja jembamba, inainamia jua. Kila mchana anakwenda kukaa karibu nayo. Haichumi. Anabana jani kwa vidole, anavinusa vidole, anarudi kwenye kiti, anaweka mikono juu ya magoti, viganja vinatazama juu, kana kwamba kuna mtu alimwambia shika hapa nakuja, akasahau kurudi.

Karatasi zilijaa. Nikamsomea binti yangu Jumamosi iliyofuata, nikijivuna, maana kwa mtu wa mwaka wa tatu ile ilikuwa kazi kubwa. Alifuta macho mara mbili, akijifanya ni jasho.

"Inabakia moja tu," akasema. "Kicheko ya nkambo. Ile usisahau kuandika, papa, njo ya kwanza inapotea."

Kicheko cha nkambo, bibi yake! Mama yangu anacheka kama mtu anayepiga chafya: kinaanza puani, anakizuia, kinamshinda, halafu mabega yote. Niliona ni rahisi. Nikachukua daftari nikangoja acheke ili nikiandike kingali moto. Nilingoja siku hiyo na ya pili yake. Televisheni ilipiga kelele, wajukuu wakacheza, mke wangu akasimulia vituko vya wateja wake wa liputa. Mama alitabasamu kwa adabu, vile mgeni anavyotabasamu. Nikaanza kumchokoza mimi mwenyewe. Nikamsimulia habari ya barua iliyookwa, ambayo imewachekesha mafundi wa mtaa mzima. Akasema, "Pole, baba. Mukono haukuungua?"

Nilitafuta nyuma, nyumba nzima, miaka yote, nikikumbuka chumba kwa chumba. Nilikipata kicheko, ndiyo. Kilikuwa Mitwaba. Ilikuwa siku ile niliyokwenda kumchukua, tumbili ametoka shambani kwake na hindi kinywani, mama anamrushia kitambaa, kitambaa kinaanguka kichwani kwangu. Hapo alicheka mpaka akashika jembe ili asianguke. Baada ya hapo, ndani ya geti langu zuri, sikukipata.

Nikachonga penseli kwa kisu. Usimdanganye, alisema mtoto. Nikaandika: MAMA YUKO KWANGU. ANA KILA KITU. HACHEKI.

Nikaiangalia sentensi hiyo. Na yule mzee alikuwepo, amekaa upande wa pili wa meza, jua la jioni linapita ndani yake kama linavyopita kwenye pazia. Alikuwa anasoma. Aliinua macho. Sikuhitaji anisemeshe, nilijua atakachouliza, kwa sababu ningeuliza mimi: ukaona hivyo, ukaandika hivyo, kisha ukafanya nini? Na angeuliza wakati ambapo hakuna la kufanya tena. Kuna vitu unaweza kumwachia mtu wa miaka kumi ijayo. Hicho hapana. Ni kama kumwachia mteja geti ambalo bawaba yake unajua itakatika.

Nilitoka. Alikuwa pale penye ufa.

"Mama," nikasema, "utaenda. Mbele ya mvua."

Hakugeuka mara moja. "Weye njo unasema, ao ni muke yako alikuambia?"

"Ni miye."

"Na bantu? Si watasema umenifukuza?"

"Waseme. Nitawaonyesha shamba."

"Weye unaijua shamba?" akasema. Na hapo, taratibu, kwenye pua, kitu kikaanza. "Weye! Ungepotea ku centre ya Mitwaba, tukutafute na ngoma!" Mabega yakamfuata.

Nilikimbilia daftari. Nilikiandika hivyohivyo, kingali moto.

Lakini alisema kweli: njia siijui. Mimi nilikulia mjini, shambani nilikwenda mara ile moja, naye alikuwa mbele. Kesho yake, akifunga mzigo wake kwenye liputa kuukuu, nilikaa chini kwenye beton na penseli, nikamwomba anieleze njia ya shamba, ili iwe ndani ya barua. Miaka kumi, nikamwambia, mimi nitakuwa mzee, nitataka kuja.

Nikaanza mwenyewe, kwa ujuzi: "Pale ku duka ya bati ya buluu, unakata kushoto."

"Hapana. Duka itafungwa."

"Basi ule muti mukubwa."

"Ule batakata, bachome makaa. Baba, unaandikia miaka kumi ao unaandikia kesho?" Akavuta fundo. "Andika mto. Utoke mu centre na jua ya asubuhi mu uso, mpaka mto. Usiulize nyumba ya muntu, bantu banahama. Uvuke pa majiwe, mguu ya kuume kwanza, jiwe ya katikati inateleza. Halafu kichuguu."

"Kichuguu cha mchwa? Kitabaki?"

"Ile? Iko inaongezeka tu. Nkambo yangu aliikuta. Uipite. Utaona jiwe inalala chini, pana sawa kitanda, tunaanikaka muhogo pale. Ukigusa itakuwa moto. Usimame juu yake, uite. Kama niko, nitaitika. Kama siko..." Akafikiri, bila huzuni yoyote, kama mtu anayechagua mbegu. "Kama siko, ukae pale kidogo. Andika: akae. Hauna haraka ya geti pale."

Niliandika: AKAE.

Sanduku la pili nililifanya kwa akili. Kifuniko cha bolti, si cha mshono. Katikati ya chuma na chuma nimeweka ukanda wa mpira niliokata kwenye tyubu ya gari, ili unyevu wa masika usipite. Ndani nimepaka rangi, nikaiacha ikauke mpaka harufu ikaisha, maana chuma kitupu kinatoa jasho na kutu inakula karatasi. Kurasa sikuzibana kwa chuma wala gundi, nimezikunja tu ndani ya kitambaa cha pamba, pamoja na kifuko cha makaa makavu ya kunywa unyevu. Bolti nimezipaka grisi, kwa sababu mikono ya mzee haitakuwa na nguvu zangu hizi. Juu nimeandika kwa patasi mwezi na mwaka wa kufungua. Sikulizika ardhini, kiwanja kinaweza kuuzwa na mtu haulizi chini kuna nini. Liko ndani ya nyumba, mahali pakavu mbali na bati la paa, na binti yangu anajua, na mke wangu anajua, kama mimi siku hiyo sitakuwepo.

Swali nililomwuliza mzee ni moja: ulikwenda?

Mama alipanda lori akakaa mbele, karibu na dereva, nilihakikisha. Mwaka huu mvua ilichelewa kidogo, ikamsubiri. Ilipofika Lubumbashi ilipiga beton yangu kwa kishindo, maji yakakimbilia getini bila kuingia mahali popote. Nikampigia simu. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka kama mtu aliyelala nusu.

"Mama! Mvua iko huko?"

"Iko! Tangu juzi!"

"Goti?"

"Goti gani?" Nyuma yake nilisikia wanawake wanaitana, na jembe linagonga kitu kigumu. "Baba, niache kwanza. Mbegu iko mu mukono, haiwezi kungoja maneno."

Akakata. Mama yangu, alinikatia simu mimi, patron. Nilisimama pale barazani na simu sikioni, nikisikiliza kimya cha mtu mwenye kazi, mvua inanyesha mbele yangu na najua inanyesha mbele yake. Nilitamani kuliandika hilo, lakini bolti zimeshafungwa, na nilijiahidi sitafungua. Basi hilo mzee atalazimika kulikumbuka mwenyewe.